Picha Yetu ya Februari 14 Ilikuwa ya Nani?

Jioni ya Februari 14, 2023, mimi na jamaa wangu tulikuwa hatujaongea tangu Jumapili. Ugomvi ulianza na kodi ya nyumba, ukaingia kwa mamake, ukaishia pale ambapo ugomvi wa watu wasio na pesa huishia, yaani kila mtu anakumbuka kitu alichokisamehe mwaka jana. Tulikuwa tunaishi bedsita Zimmerman. Bedsita haina chumba cha kununia. Mkinuniana, mnanuniana mkiangaliana.

Saa mbili usiku nikamwambia tupige picha. Hakuuliza ya nini. Alivaa shati, mimi nikasogeza taa karibu na dirisha, tukapiga kumi na nne mpaka tukapata moja ambayo macho yake yalionekana kucheka. Nikaandika kasentensi kuhusu miaka mitatu ya kuchaguana kila siku, nikaiweka Instagram. Yeye akarudi upande wake wa kitanda na simu yake. Baada ya dakika moja hivi nikaona ametuma moyo mwekundu chini ya picha. Alikuwa ameketi mita moja kutoka nilipokuwa, na huo moyo ndio ulikuwa neno lake la kwanza kwangu kwa siku mbili.

Picha ilipata laiki 212. Watu waliandika kwamba sisi ndio wanaowafanya waamini mapenzi bado yapo.

Kitu cha kuchekesha ni kwamba hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, na kati ya vibarua vya uandishi nilivyokuwa nadaka kulikuwa na cha kuandikia watu kapsheni. Nilikuwa na mteja mmoja, dada mwenye kazi nzuri na bwana anayependeza kwenye picha. Ananitumia picha WhatsApp, namtumia maneno, ananitumia shilingi 300. Wiki nyingi alitaka moja tu. Halafu kuna siku alikuwa anaandika: leo iwe tamu zaidi. Siku hizo alikuwa anataka mbili, hata tatu, na anazitaka haraka. Sikuwahi kumuuliza kuna nini. Ukilipwa kwa kapsheni, huulizi.

Nyanya yangu wa Majengo, Mombasa, angetuuliza sote wawili swali moja tu: mmeitoa nje ili nani aione? Kwa sababu kwao, kitu cha mapenzi kikitolewa nje huwa kuna mtu kimetumwa kwake.

Yeye anajua hivyo kupitia leso. Leso ilianza Pwani katika karne ya 19, wanawake walipokuwa wananunua vitambaa vidogo vya mkononi vilivyoletwa na wafanyabiashara, vikiwa bado havijakatwa, wanavishona pamoja kupata nguo moja pana. Jina lenyewe limetokana na neno la Kireno la kitambaa hicho. Baadaye nguo nzima ikawa inachapwa kwa pamoja: pindo kuzunguka pande zote, mji katikati, na mwishowe yakaongezwa maneno juu ya pindo la chini, ambayo wenyewe wanayaita jina. Mwanzoni majina yalichapwa kwa hati za Kiarabu, kisha zikaja hizi herufi zetu. Watu wa Mombasa watakwambia mtindo huo wa maneno ulianzia kwenye duka la Mali ya Abdulla, ambalo lilifunguliwa 1887 na bado liko Biashara Street. Ukienda pale leo utakuta wanawake wanasoma majina kabla ya kuangalia rangi.

Nyanya alinieleza inavyofanya kazi nikiwa mdogo, na kwa miaka nilidhani ni umbea tu. Bwana akimletea mke leso, leso ni pea, na ina jina. Hilo jina ni la mke, lakini halimalizikii kwake. Mke anavaa moja kiunoni, anajitanda nyingine, anapita mbele ya mlango wa jirani ambaye juzi alisikika akisema ndoa ile haina mwaka. Jirani anasoma. Hakuna aliyefungua mdomo. Kama jirani ana ujasiri wa kuuliza, mke anajibu kwamba yeye alipenda maua tu, jina hata hakuliangalia. Maneno yamechapwa kiwandani, leso mia kadhaa za namna hiyo ziko sokoni, utamshtaki nani?

Kuna mambo mawili hapo ambayo nilikuja kuyaelewa nikiwa na simu mkononi. La kwanza, lile onyesho la mapenzi halikuwa taarifa kuhusu mapenzi. Lilikuwa jibu kwa mtu fulani. Mwanamke aliyetulia nyumbani kwake, asiye na wa kumjibu, alivaa leso yenye jina la kawaida kuhusu mama au kuhusu Mungu, akaenda sokoni. La pili, leso ilimwachia mwenye kuivaa nafasi ya kurudi nyuma. Mkipatana na jirani, unaikunja. Mkiachana na bwana, unaipasua matambara ya kubebea mtoto wa mtu mwingine. Hakuna anayekuja baada ya miaka minne kukuuliza, ile leso ya siku ile ilienda wapi?

Mtandao ulichukua lile jambo la kwanza ukaliacha hivyo hivyo. La pili ndilo uliloliondoa, na naweza kukuonyesha mwaka.

Facebook ilipofunguliwa pale Harvard mnamo Februari 4, 2004, ukurasa wa kila mwanafunzi ulikuwa na mahali pa kujaza kama uko peke yako au uko kwenye uhusiano. Ilikuwa fomu tu. Ukibadilisha jibu lako usiku, ili mtu ajue ilibidi aje kwenye ukurasa wako mwenyewe na akumbuke ulikuwa umeandika nini jana. Ni kama jina la leso, linasomwa na anayepita.

Septemba 5, 2006, kampuni ikawasha kitu kinachoitwa News Feed. Kuanzia siku hiyo, badiliko lolote kwenye ukurasa wako lilibebwa lenyewe na kuwekwa mbele ya marafiki zako wote. Watu walikasirika kwelikweli. Kikundi cha wanafunzi wa kuipinga kilipata wanachama laki kadhaa ndani ya siku chache, humo humo ndani ya Facebook, na kilivyokua haraka hivyo ni kwa sababu hiyo News Feed yenyewe ndiyo iliyokitangaza. Mark Zuckerberg kwanza aliwaambia watulie, wavute pumzi. Siku chache baadaye akaomba radhi na kuongeza vidhibiti vya faragha. News Feed yenyewe hakuiondoa. Na kabla mwezi huo haujaisha, Septemba 26, Facebook ikafunguliwa kwa mtu yeyote mwenye barua pepe. Kwa hiyo wengi wetu, na hakika karibu kila mtu Afrika Mashariki, tuliingia kwenye nyumba ambayo ukuta tayari ulikuwa umebomolewa. Tukadhani ilijengwa hivyo.

Mimi niliiona nguvu yake kupitia binamu yangu, mwaka wa 2010, kwenye saiba moja Mombasa tulikokuwa tunalipa shilingi moja kwa dakika. Alikuwa ameweka kwamba yuko kwenye uhusiano na kijana fulani wa Kisauni. Jina la kijana lilikuwa pale, unaligusa linakupeleka kwake. Walipoachana, binamu yangu alitaka kitu kimoja tu, kuliondoa jina polepole bila makelele. Akabonyeza. Facebook ikatangaza kwa marafiki zake wote kwamba hayuko tena kwenye uhusiano, na pembeni ikaweka kamoyo kadogo kaliovunjika. Dakika ishirini hazijaisha, shangazi mmoja aliyekuwa kazini Dubai akaandika chini, pole mwanangu, nini mbaya? Binamu yangu aliifunga ile kompyuta akiwa bado ana dakika ishirini na tano alizolipia. Kwa mtu wa saiba, hiyo ndiyo huzuni.

Kamoyo kenyewe kaliondolewa baadaye, na mwaka wa 2015 kampuni ikaanza kuleta vifaa vya kumsaidia mtu aliyeachana na mwenzake asione sana habari zake. Lakini tayari tulikuwa tumejifunza kwamba kuingia ni tangazo, na kutoka pia ni tangazo. Hata kunyamaza. Kapo lililokuwa linaposti kila Ijumaa likikosa Ijumaa mbili, kuna mtu anahesabu.

Sasa swali la nyanya. Hizi picha zinatumwa kwa nani, na zinasema nini kuhusu kinachoendelea ndani ya nyumba?

Mtaani jibu liko tayari: wanaoposti sana hawana raha, wenye raha wananyamaza. Nililiamini hilo kwa muda mrefu, hasa kwa sababu liliniumiza, na kuna watu hudhani kinachouma ni lazima kiwe kweli. Lakini watafiti waliojaribu kulipima walikuta hali ambayo haijanyooka hivyo. Mwaka wa 2013, kikundi alichokuwemo Laura Saslow na Amy Muise kilichapisha utafiti kuhusu watu wanaojiweka na wapenzi wao kwenye picha ya wasifu ya Facebook. Walikuta kwamba hao, kwa wastani, ndio walioridhika zaidi na uhusiano wao. Na walipofuatilia watu siku baada ya siku, siku mtu alipojisikia vizuri na mwenzake ndiyo siku aliyokuwa na uwezekano zaidi wa kuweka kitu kuhusu uhusiano wao. Kwa hiyo wale tunaowacheka kwamba wanaigiza, wengi wao wana furaha kweli. Samahani.

Mwaka uliofuata, Lydia Emery, akiwa na huyo huyo Amy Muise na wenzao wengine, akachapisha utafiti mwingine. Hapo wapenzi zaidi ya jozi 100 walijaza shajara kila siku kwa wiki mbili, kila mmoja peke yake: leo una uhakika kiasi gani kwamba mwenzako anakupenda, na leo umeuonyesha uhusiano wenu kiasi gani kwenye Facebook? Ikatokea kwamba siku ambayo mtu alijisikia hana uhakika na mapenzi ya mwenzake, siku hiyo ndiyo aliuonyesha uhusiano zaidi. Na wenye tabia ya kuwa na wasiwasi wa kuachwa, hata siku za kawaida, walitaka uhusiano wao uonekane kuliko wengine.

Niliposoma hizo mbili pamoja nilimkumbuka yule dada wa shilingi 300. Kapsheni moja ya wiki na kapsheni tatu za haraka zilitoka kwenye simu moja, kwa bwana mmoja, na picha zilifanana. Furaha inaposti. Wasiwasi pia unaposti. Anayetazama kutoka nje hana njia ya kujua leo ni siku gani, kwa sababu vyote viwili vinavaa nguo ile ile. Utafiti mwingine wa Emery na wenzake, wa 2015, uliangalia upande wa watazamaji: wakionyeshwa kurasa zenye maneno mengi ya mapenzi, waliamini kwamba hao wapenzi wameridhika, ila mwenye ukurasa hawakumpenda sana. Yaani tunadanganyika na pia tunaboeka, kwa wakati mmoja.

Nitasema pia mipaka ya hizi kazi, maana nimeona watu wakizirusha kwenye mabishano kama mawe. Zilifanywa Amerika ya Kaskazini, kwa vijana wengi wao, zamani za Facebook. Wahusika walijieleza wenyewe. Na shajara inakuonyesha vitu viwili vikitokea siku moja, haikuambii ni kipi kilimsukuma mwenzake. Inawezekana uliposti kwa sababu ulikuwa na wasiwasi. Inawezekana pia uliposti asubuhi, hakuiweka kwake, na wasiwasi ukaanzia hapo. Mimi nimepitia zote mbili.

Kuna takwimu moja ambayo kwangu ina uzito kuliko hizo zote, na ilitoka Facebook yenyewe. Februari 2014, watu wa data wa kampuni hiyo waliangalia watu wawili wawili ambao baadaye walitangaza kwamba wako kwenye uhusiano. Walihesabu walivyokuwa wanaandikiana kwenye kurasa zao, hadharani, kabla na baada ya tarehe ya kuanza. Katika siku 100 za kabla, maandishi yalipanda polepole. Kilele kilikuwa siku 12 kabla ya uhusiano kuanza, wastani wa maandishi 1.67 kwa siku. Baada ya uhusiano kuanza yakashuka, na yalipofika siku ya 85 yalikuwa 1.53.

Tofauti yenyewe ni ndogo, usiipeleke mbali. Tena waliohesabiwa ni wale tu walioandika tarehe yao, na ujumbe wa faragha haumo. Lakini angalia mwelekeo. Kelele nyingi zaidi zilikuwa kabla ya jambo kuwa jambo, wakati kila mmoja anamchora mwenzake. Walipopatana, waliandikiana kidogo kidogo zaidi, ingawa maneno waliyotumia yakawa matamu kuliko ya mwanzo. Watafiti wenyewe walikisia sababu ya kawaida kabisa, kwamba sasa walikuwa wanaonana. Mtu ambaye yuko jikoni kwako humwandikii ukutani.

Nikaenda kwenye simu yangu kutafuta siku yetu ya 85. Tulianza mwanzoni mwa 2020, kwa hiyo ilinipeleka kwenye miezi ya kafyu, Corona ikiwa imetufungia sote ndani. Nilitembeza matunzio ya simu nikakuta karibu hakuna kitu. Picha moja ya namba za tokeni za stima. Picha ya sufuria ambayo aliunguza ugali, nikaipiga ili nimtumie dada yangu tumcheke. Moja ambayo ni kidole changu. Kwenye Instagram, kwa kipindi hicho chote, sikuweka hata picha moja yetu, na watu kadhaa walikuwa wakiniuliza kama bado niko singo. Ninachokumbuka cha wakati huo ni kwamba tulikuwa tunaongea mpaka saa nane usiku kwa sababu hakukuwa na mahali pa kwenda kesho yake.

Nikahesabu na upande wa pili. Kati ya Novemba 2022 na Machi 2023, miezi yetu mitano ya mwisho, niliposti sisi wawili mara 31.

Na ile ya Februari 14 ilikuwa na mtu wake. Kulikuwa na msichana mmoja ambaye alikuwa analaiki picha zake zote, hata za zamani, hata ile ya gari la rafiki yake. Sikuwa na ushahidi wa chochote, na mpaka leo sina. Lakini nilipokuwa nasogeza ile taa dirishani nilikuwa nalijua jina lake la Instagram pamoja na mstari wa chini uliomo katikati. Nilichagua picha ambayo mkono wake uko begani kwangu. Nilipoiweka pia kwenye stori, nilikaa nikifungua orodha ya walioiona, kama nyanya anayepunguza mwendo akifika kwenye mlango wa jirani. Aliiona saa mbili na dakika arobaini. Nikalala.

Tuliachana mwezi wa tatu, kistaarabu, tukagawana vyombo. Kuhusu picha, niliamua sitazifuta zote siku moja, maana nilikuwa nimeona yaliyompata binamu. Nilianza kuondoa moja kwa wiki, kila Jumatatu, nikianzia zile za katikati ambazo hakuna anayezifikia. Mchumba wa rafiki yangu aliniambia hiyo ni akili ya mhasibu. Nyanya nilimwambia mwenyewe, kwa mdomo, nilipoenda Majengo Idi ilipofika. Alikuwa ananiulizia yule kijana wa kwenye simu. Alisikiliza, akanyamaza kidogo, akaniuliza kama nimekula.

Wiki ya thelathini na moja ilipofika ilikuwa imebaki ile moja. Jumatatu hiyo niliifungua niiondoe, nikakuta ana laiki 213. Niligusa namba nione ni nani amechelewa hivyo. Alikuwa ni yule msichana, miezi karibu minane baadaye, na sijui alikuwa anamjibu nani.